Kupiga Picha ya Vipele

Picha ya kwanza niliyopiga ya vipele vya binti yangu ilikuwa nzuri sana. Ilikosa vipele tu.

Nilikuwa nimemwogesha, nikampaka mafuta kuanzia utosini mpaka kwenye kucha, akang'aa kama sufuria mpya. Nikamvalisha gauni la Jumapili lenye marinda, nikamkalisha juu ya kiti cha plastiki mbele ya pazia, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa pili, ili aingie mzima, yeye na kiti na pazia. Ndivyo tunavyopiga picha ya mtoto hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na ndivyo tulivyokuwa tunapiga kule Kivu Kusini nilipokuwa mimi mwenyewe mtoto. Huwezi kumpiga picha mtoto mkavu. Mtoto mkavu pichani ni tangazo kwa ukoo mzima kwamba mama yake ameshindwa. Basi hata siku ambayo shida yenyewe ilikuwa ngozi, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kopo la mafuta, wala haukuniuliza.

Nieleze kwa nini nilihitaji picha. Mtoto alikuwa ameanza kukaa bila kuegemezwa, na katika umri huo mzuri akaanza kujikuna. Usiku alikuwa anasugua miguu mmoja juu ya mwingine kama nzi. Vikatokea vipele vidogo mikononi na nyayoni. Mimi nikasema ni joto. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye nyumba moja kwa sababu mume wangu anafanya kazi mjini Mbarara kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akasema si joto. Alisema ni maziwa yangu.

"Maziwa yako iko moto," aliniambia, akichambua maharage wala hanitazami. "Unakasirika mingi. Hasira inashuka mu maziwa, maziwa inapika mutoto kwa ndani, na sasa inatokea inje."

Kwamba nakasirika, sibishi. Nakasirikia foleni ya maji, nakasirikia mtandao, nakasirikia mume wangu anayetuma ujumbe wa sauti mrefu kuliko mahubiri halafu ndani yake hamna kitu. Hata kuku wa jirani wananijua. Lakini nilisoma sekondari mpaka mwisho, na hakuna mwalimu wa biolojia aliyewahi kunichorea mshipa unaopeleka hasira kwenye titi. Nilimwambia hivyo. Sikumwambia kwa upole, kwa hiyo nilimwongezea ushahidi.

Hapo akatoa hukumu. Jumapili tukitoka kanisani, mtoto ataachishwa. Atanipaka mshubiri mchungu kwenye matiti mwenyewe, kama alivyowaachisha wanawe, na mtoto atakunywa uji. Mume wangu alikuwa ameshaambiwa na hakupinga. Alisema Mama amelea watoto wengi, anajua.

Nilikuwa naitazama ile sura ndogo ikininyonya, na kukasirika mpaka nikaogopa kwamba labda kweli maziwa yanachemka.

Basi nikashika simu. Ndani yake kuna msaidizi wa akili bandia, mume wangu aliniwekea mwenyewe ili niache kumpigia kila ninapokuwa na swali. Unaandika au unatuma picha, naye anajibu kwa Kiswahili safi kuliko changu. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nitume picha, mashine iseme ni ugonjwa fulani, mume wangu asome, mshubiri urudi kwenye kopo lake.

Nikatuma ile picha ya gauni kwa wote wawili, kwa mume na kwa mashine.

Mume alijibu kwa sauti, nyuma yake nasikia watu wanashusha mabati. "Mama bebe, mimi naona mutoto iko muzuri tu. Ugonjwa iko fasi gani? Kama siyo ugonjwa, basi tufuate Mama."

Mashine nayo ilisema inaona mtoto mchanga mwenye uso wa furaha, amekaa kwenye kiti, amevaa gauni la njano, na ngozi yake inaonekana laini na yenye kung'aa. Ikasema haioni vipele. Ikauliza kama simu yangu ina ile hali ya urembo inayolainisha ngozi, kwa sababu hata kitambaa cha pazia kilionekana kimefutwa mikunjo.

Ilikuwa nayo. Niliiwasha tangu siku niliyonunua simu, kwa ajili ya chunusi zangu mwenyewe, nikasahau. Kumbe kamera yangu ilikuwa imemponya mtoto kabla hata ya kumwonyesha kwa mtu. Na hapo hapo ilikuwa imemponya mbele ya baba yake.

Nikaizima ile hali, nikamvua mtoto gauni. Sasa nilijiona mtaalamu. Nikampeleka jikoni, kwa kuwa mama mkwe alikuwa nje na sikutaka anione nikiongea na simu kuhusu maziwa yangu. Jiko letu ni miti minne na turubai la bluu. Humo ndani saa nne asubuhi kila kitu ni bluu: sufuria ni bluu, unga ni bluu, mtu anayepika ni bluu. Tumezoea, hatuoni tena. Nikapiga, nikatuma.

Jibu lilikuja haraka. Rangi ya ngozi ya mtoto inaonekana ya kibluu, ilisema. Inawezekana ni mwanga wa mahali ulipo. Lakini tafadhali mwangalie sasa hivi kwenye mwanga wa kawaida: kama midomo au ulimi wake ni wa bluu kweli, au anapumua kwa shida, usisubiri majibu yangu, mpeleke kwenye kituo cha afya mara moja.

Sentensi ile ya mwanga sikuisoma. Nilisoma bluu, nikasoma kupumua. Nilitoka jikoni mbio, mtoto kwapani, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna, nikamfungua mdomo palepale uani kwenye jua. Ulimi ulikuwa mwekundu kabisa. Alidhani nacheza naye, akaniuma kidole kwa fizi.

Mama mkwe aliinua kichwa kutoka kwenye maharage yake. Aliuliza kuna nini. Nikamwambia nilikuwa naangalia kama meno yanatoka. Akaniangalia mguu usio na ndala, akarudi kwenye maharage, na najua alikuwa anahesabu kimoyomoyo hasira nyingine inayoelekea kwenye titi.

Picha ya tatu nilipiga palepale uani kwenye jua kali, kwa sababu mashine imetaka mwanga, basi iupate. Nilisimama juu ya mtoto na jua mgongoni mwangu. Kivuli cha kichwa changu kikamfunika nusu, na nusu iliyobaki ikawaka nyeupe kwa sababu ya yale mafuta. Nikavuta picha kwa vidole ili mkono uje karibu, na mkono ukaja kweli, umejaa ukungu, kama umepigwa kupitia chupa ya soda. Na huku nyuma kuna ndoo, majani ya maharage, ndala yangu, na mguu wa kuku.

Mashine ikasema inaona ndala.

Sitayaandika yote niliyoiandikia. Niliiuliza macho yake yana kazi gani. Niliiambia kwamba mtu yeyote mwenye akili anaona vipele kwenye mkono huu, na kwamba kama ningetaka kupanga foleni kituo cha afya ningeenda, maana ilikuwa imeshaniambia mara mbili kwamba mhudumu wa afya ndiye anayepaswa kumwona mtoto. Mwisho nikaandika: sasa unataka nini?

Mtu angenijibu vile nilivyostahili. Ile mashine ilijibu kama muuguzi mzee ambaye ameshatukanwa na kina mama wengi na hana muda wa kuweka kinyongo. Ilisema inaelewa nina wasiwasi, halafu ikaniambia nianze kwa kufuta kioo kidogo cha kamera kwa kitambaa kikavu na laini, kwa sababu picha zote tatu zilikuwa na ukungu wa aina moja, upande uleule.

Niligeuza simu. Kile kioo kilikuwa na alama ya kidole changu, ya mafuta ya mtoto, nene kiasi kwamba ungeweza kuikaangia yai. Nilifaulu somo la lenzi shuleni. Nilichora miale, nikaandika ukungu unatokea wapi, mwalimu akaninyanyulia daftari mbele ya darasa. Na hapa nilikuwa nimetukana mashine kwa kutoona kupitia kidole changu mwenyewe.

Nilifuta kwa pindo la kitenge. Nikaendelea kusoma, safari hii mstari kwa mstari.

Ilisema niondoe mafuta kwenye sehemu ninayotaka kuonyesha, kwa maji na kitambaa, bila kusugua, kwa kuwa mng'ao unaficha ngozi. Nisitumie jua kali wala turubai, bali nikae mahali penye kivuli lakini peupe, kama mlangoni, mwanga uje kwa ubavu. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu, ilisema, wekundu hauonekani sana, kinachosaidia ni kuona uvimbe mdogo mdogo, na mwanga wa pembeni ndio unaoutoa. Simu isikaribie mno, maana ikikaribia inashindwa kuona, kama mtu anayesoma gazeti kwenye pua. Nirudi nyuma kama shubiri moja ya mkono, niguse kioo pale penye kipele, nisubiri picha itulie ndipo nibonyeze. Nisivute kwa vidole. Nipige moja ya mkono mzima ili ijulikane vipele viko wapi, halafu nyingine ya karibu, na niweke kitu kidogo chenye ukubwa unaojulikana pembeni. Uso wa mtoto hauhitajiki, wala mwili wote. Na kabla ya kutuma niifungue picha, niikuze, nijiulize kama mimi mwenyewe naona kile ninachotaka ione.

Hilo la mwisho liliniuma kuliko yote. Picha zote tatu sikuwa nimeziangalia. Nilikuwa najua vipele vipo, kwa hiyo niliviona hata pale ambapo havikuwepo.

Shida iliyobaki ni kwamba mtoto hatulii. Anayejikuna hatulii hata kidogo. Nilijaribu kumshika mkono, akanyakua simu. Nilimpa kijiko, akanyakua simu kwa mkono mwingine. Kuna jambo moja tu linalomtuliza binti yangu, na ndilo lililokuwa limehukumiwa. Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango, nikampa titi, na mkono wake ukalala juu ya kifua changu, vidole vimefunguka kama ua, hautikisiki.

Nikaweka njiti ya kiberiti pembeni ya kifundo cha mkono.

"Unataka kumuchoma?" Mama mkwe alikuwa amesimama mbele yangu.

Nikamwambia ni ya kupimia ukubwa. Akauliza nani anapima. Nikamwambia simu. Alinitazama kama mtu anayepanga namna ya kulieleza jambo kwa mwanawe. Lakini nilikuwa na mkono mmoja kwa mtoto na mmoja kwa simu, na bado nyayo, na hata mwanamke mwenye hasira anajua akiishiwa mikono. Nikamwomba, "Mama, unisaidie kushika mguu. Unyayo ugeuke juu, mwanga uingie." Alichuchumaa. Alinung'unika kwamba zamani watoto walipona bila kupigwa picha za nyayo, lakini alishika, na alishika vizuri, kwa utulivu kuliko mimi, kwa vidole vyake viwili chini ya kisigino.

Nilifungua picha, nikazikuza. Kwa mara ya kwanza niliona. Vipele vidogo kati ya vidole, vingine kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, na pale kando ya njiti mstari mfupi uliojipinda, mwembamba kama uzi uliopita chini ya ngozi. Nilikuwa nimemwogesha mtoto huyu kila siku na sijawahi kuona ule uzi.

Nikatuma.

Ilisema sasa inaona vizuri, ikaeleza vilevile nilivyoona. Ikasema haiwezi kuthibitisha ugonjwa kwa picha, lakini vipele vya namna hii, mahali hapa, pamoja na kuwasha usiku, mara nyingi huwa ni vile vinavyoletwa na wadudu wadogo wanaochimba kwenye ngozi, ambavyo sisi wa Kongo tunaviita gale. Vinatibika, ila mtoto mdogo anahitaji dawa iliyochaguliwa na mhudumu wa afya. Halafu ikaongeza jambo ambalo sikuwa nimeuliza. Kwenye picha ya unyayo, kati ya vidole vya mtu mzima aliyeshika mguu, inaona vipele vinavyofanana. Je, kuna mwingine nyumbani anayewashwa?

Nilianza kuandika "hapana". Niliandika kwa mkono mmoja, kwa sababu mwingine ulikuwa unakuna kiuno changu. Nilikuwa nakikuna kiuno kile kwa majuma, nikidhani ni hasira.

Nikamgeuzia mama mkwe simu. Nilikuza picha mpaka vidole vyake vikajaa kioo. Aliitazama, akautazama mkono wake, akautazama tena.

"Mimi niko nawashwa kwa sababu ya sabuni," alisema.

"Mama," nikamwambia, "weye haunyonyi kwangu."

Nimesema maneno mengi makali maishani, mengi ya bure. Hilo moja nilisema polepole kabisa, na lilifanya kazi. Alikaa chini kwenye kizingiti pembeni yangu. Mtoto aliendelea kunyonya, hana habari. Baada ya muda akaniuliza kama ile simu inasema kweli. Nikamwambia haijasema kweli wala uongo, imesema twende kituoni. Akasema basi twende wote watatu, na akaenda kubadili kitenge na kujipaka mafuta, maana hata yeye hawezi kuonekana mkavu.

Foleni ilikuwa ndefu kama nilivyoogopa. Muuguzi, mwanamke wa hapa Uganda, hakuitaka picha. Alichukua mkono wa mtoto, akaupeleka dirishani, kwenye mwanga wa pembeni, nami nikaona aibu kwamba ningejua hilo kwa kuja tu. Akashika mkono wa mama mkwe, akashika wangu, akacheka kidogo.

"Nyabo, hii si maziwa," alisema, akimwita bibi kwa lugha ya kwao, kwa kuwa mama mkwe alikuwa ameshauliza. "Unanyonyesha, unaendelea kunyonyesha. Lakini watu yote ya nyumba wanapaka siku moja, hata kama hawajikuni. Kuna mwingine?"

Nikasema mume wangu, yuko Mbarara. Muuguzi akauliza analala wapi. Hapo nikakumbuka. Mwezi na kitu kabla, nilikwenda kumtembelea na mtoto, tukalala kwenye godoro lake, katika chumba anachokaa na wenzake wanne wanaopokezana magodoro kadiri ya zamu. Wote walikuwa wanajikuna. Nilimcheka kwamba saruji inawala.

Nilimpigia simu palepale nje ya kituo. Mama mkwe alininyang'anya kabla sijasema salamu. Sikuwahi kumsikia akiongea na mwanawe vile. Alimwambia kwamba maziwa ya mke wake hayana tatizo lolote, kwamba tatizo liko kwenye magodoro, na kwamba asiingie nyumbani kwake kabla hajapaka dawa na kuchemsha nguo zake zote, na za wenzake pia. Mume wangu alijaribu kusema kwamba pichani mtoto alikuwa mzuri tu. Akamwambia anyamaze, picha ile ilipigwa na mtu asiyejua kupiga picha.

Nilikuwa nimesimama karibu. Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia.

Jioni ile tulichemsha kila kitambaa, tukaanika mpaka kamba ikagusa chini. Kisha tukapaka dawa kutoka shingoni mpaka kwenye nyayo, mimi nikimpaka mama mkwe mgongo na yeye akinipaka mimi, na mtoto tukampaka ile yake aliyopimiwa, hadi kichwani kama tulivyoelekezwa, tukamvalisha soksi mikononi asilambe. Tukabaki tumesimama katikati ya nyumba, mikono imepanuliwa, tukingoja tukauke, tukinuka vibaya. Mtoto akaanza kulia. Alilia kwa kunitazama kifuani. Muuguzi alikuwa amesema niifute dawa kwenye titi kabla ya kumpa, na nipake tena baadaye, lakini mimi nilikuwa nimejisahau kwa kuangalia tu, nikiwaza kama soksi zile zingetoka vizuri pichani.

"Unangoja nini?" mama mkwe alisema. Alikuwa ameshalowesha kitambaa, ananinyooshea. "Panguza, umupatie. Mutoto iko na njaa."